28.8 au 1.2: Mwiba uliojificha kwenye lebo iliyokuwa sahihi

Jumatatu, tarehe 31 Julai 2006, mama mmoja wa miaka 43 aliyekuwa akitibiwa saratani alitoka katika Taasisi ya Saratani ya Cross, mjini Edmonton, Kanada, akiwa na pampu ndogo ya kubebeka. Pampu hiyo iliunganishwa na mfuko wa fluorourasili, dawa ya kemotherapia iliyopaswa kumwingia polepole kwa siku nne akiwa nyumbani kwake. Baada ya takriban saa nne mfuko ulikuwa mtupu. Tarehe 22 Agosti alifariki.

Kisa hiki kilichunguzwa na Taasisi ya Matumizi Salama ya Dawa ya Kanada, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 2007 ili wengine wajifunze. Tumekichagua kwa timu yetu ya famasi kwa sababu moja. Hapakuwa na mwandiko wa daktari usiosomeka, wala dawa mbili zenye majina yanayofanana, wala mchanganyiko uliokosewa. Dozi ya jumla ilikuwa sawa, mfuko ulikuwa na kiasi sawa, na lebo iliyotoka famasi haikuwa na namba hata moja ya uongo. Pamoja na hayo, tukiuchora mchoro wa mfupa wa samaki, ule unaopanga visababishi vya tukio kama miiba, lebo hiyo ndiyo inayochomoza kuliko sehemu nyingine yoyote. Jambo hilo linatuhusu sana, maana lebo ni kazi ya mikono yetu.

Mchoro unaofuata tumeuchora wenyewe kutokana na yaliyowekwa hadharani. Wachunguzi wa Kanada waliwahoji watu na kuishika pampu yenyewe. Sisi tunatumia kisa chao kujifunza namna ya kufikiri.

Namba zenyewe

Kabla ya samaki, tuielewe hesabu. Mgonjwa aliandikiwa fluorourasili miligramu 5,250 kwa jumla, iingie mfululizo kwa siku nne. Kila mililita ya dawa iliyokuwa mfukoni ilikuwa na miligramu 45.57. Hesabu inakwenda hivi:

```
5250 mg ÷ 45.57 mg/mL = 115.2 mL
115.2 mL ÷ siku 4      = 28.8 mL kwa siku
28.8 mL ÷ saa 24       = 1.2 mL kwa saa
```

Pampu ilitaka kujua mwendo wa dawa kwa saa. Jibu lilikuwa 1.2. Iliyoingizwa ni 28.8, yaani mara 24 ya mwendo uliotakiwa. Ukigawanya mililita 115.2 kwa 28.8 unapata 4 kamili, na ndiyo maana dawa ya siku nne iliisha kwa saa nne.

Kwenye lebo, baada ya jina la dawa, dozi na nguvu yake, mwendo ulikuwa umeandikwa kwa namna mbili zilizofuatana:

```
28.8 mL/24h (1.2 mL/h)
```

Muuguzi alipiga hesabu yake mwenyewe kama utaratibu ulivyotaka, lakini akasahau hatua ya mwisho ya kugawanya kwa 24. Akapata 28.8. Akaangalia lebo, akaiona 28.8. Muuguzi wa pili aliyekagua naye hakulinasa kosa. Pampu ikapokea namba, ikaanza kazi.

Huenda mtu akauliza kama hili kweli ni kosa la dozi, kwa kuwa miligramu zote 5,250 ziliandikwa na daktari. Kwa dawa ya aina hii muda ni sehemu ya dozi. Mwili unaoweza kustahimili kiasi fulani cha fluorourasili kikigawanywa katika saa 96 hauwezi kustahimili kiasi hichohicho kikisukumwa kwa saa nne. Uboho, utando wa mdomo na wa utumbo huharibiwa. Anayeandika "miligramu 5,250" bila kutaja muda ameandika nusu ya dozi.

Kichwa cha samaki

Mchoro huu ulienezwa na Kaoru Ishikawa, Mjapani aliyebobea katika udhibiti wa ubora viwandani, miaka ya 1960. Wengi wetu tunauita mfupa wa samaki, ingawa aliyekula changu kwa mkono atakuambia kuwa kinachotafutwa ni miiba. Unachora mstari mmoja wa kulala kama uti wa mgongo, kichwa upande wa kulia, kisha miiba mikubwa inayoingia kwenye uti kwa mshazari. Kila mwiba mkubwa ni kundi la visababishi, na kila kijiba kinachochipuka juu yake ni jibu la swali "kwa nini?"

Timu nyingi hukimbilia miiba. Kazi ngumu iko kichwani. Ukiandika kichwani "Muuguzi alikosea hesabu," uchunguzi umekwisha kabla haujaanza, kwa sababu miiba yote itaeleza tu kwa nini muuguzi huyu ni mzembe, mchovu au hajasoma vya kutosha. Umeweka kisababishi mahali pa tukio. Ukiandika "Kosa la dozi katika kemotherapia," umefungua mlango mpana mno. Kila mtu ataleta kero yake ya miaka mitano, kuanzia uhaba wa watumishi hadi feni mbovu.

Kichwa kizuri hutaja kilichompata mgonjwa, kwa vipimo, bila kumtaja mtenda. Sisi tuliandika: "Fluorourasili miligramu 5,250 iliyopangwa kuingia kwa saa 96 iliingia kwa takriban saa 4." Sentensi hiyo haina ndani yake neno hata moja la kulaumu wala la kutetea. Pia inatulazimisha kuuliza maswali mawili tofauti ambayo watu huyachanganya: mwendo usio sahihi ulizaliwaje, na kwa nini kati ya kuzaliwa kwake na mfuko kuwa mtupu hakuna kitu kilichousimamisha. Miiba mingine inajibu swali la kwanza, mingine la pili. Tulipochora tulitumia kalamu mbili za rangi kwa ajili hiyo, na ningeshauri kila timu ifanye hivyo. Ukiitazama picha mwishoni unaona mara moja upande upi umejaa.

Kuhusu majina ya miiba mikubwa, vitabu vya viwandani hutoa orodha yao: watu, mashine, njia, malighafi, vipimo, mazingira. Orodha hiyo haina uchawi. Kwa kisa hiki tulibaki na miiba mitano inayofuata njia aliyopita mgonjwa: lebo, uhakiki, pampu, dawa na itifaki zake, na yaliyofanyika baada ya kosa kujulikana. Mwiba wa "watu" tuliuacha makusudi. Kila ukiuweka, kila kitu kinakimbilia huko.

Mwiba wa lebo

Tuanze na kwa nini ya kwanza. Kwa nini 28.8 iliaminiwa? Kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye lebo. Kwa nini ilikuwa kwenye lebo? Kwa sababu mpangilio wa lebo ulionyesha mwendo wa siku pamoja na mwendo wa saa. Na kwa nini mwendo wa siku uliachwa pale, ilhali pampu haiutaki?

Hapa kila mfamasia ajitazame. Namba kama 28.8 kwa kawaida hubaki kwenye lebo kwa sababu ni hatua ya hesabu yetu sisi. Anayetengeneza anataka yule anayekagua aone alivyotoka miligramu 5,250 akafika 1.2. Kwa mkaguzi wa famasi, hatua hiyo ni msaada mkubwa. Tatizo ni kwamba karatasi ileile inayomsaidia mkaguzi wetu ndiyo inayobandikwa kwenye mfuko na kwenda kwa muuguzi, ambaye hana shida na njia tuliyopita. Yeye anahitaji namba moja ya kubonyeza. Lebo ilikuwa ikiwahudumia wasomaji wawili wenye mahitaji tofauti, na namba ya msomaji mmoja ikamwangukia mwingine.

Tazama pia mpangilio. Namba isiyohitajika ilitangulia, ile inayohitajika ikafuata kwenye mabano. Tangu darasa la tatu tumefundishwa kuwa kilicho kwenye mabano ni maelezo ya pembeni, unaweza kukiruka na sentensi ikabaki. Jicho lenye haraka linachukua cha kwanza. Halafu vipimo: kinachotofautisha `mL/24h` na `mL/h` ni tarakimu mbili tu. Mtu anayesoma lebo ishirini kwa zamu hasomi herufi moja moja. Anatambua umbo la neno, na maumbo haya mawili ni ndugu.

Kwa hiyo kijiba cha mwisho kwenye mwiba huu tulikiandika hivi: "Lebo ilibeba namba sahihi inayojibu swali ambalo pampu haikuuliza." Namba ya uongo huweza kunaswa, kwa kuwa haipatani na kitu kingine. Namba ya kweli iliyokaa mahali pasipo pake inapatana na kila kitu. Hata ukiipigia hesabu, inakubali.

Mwiba wa uhakiki

Watu wengi wakisikia kisa hiki husema, "Lakini si walikuwa wawili?" Walikuwa wawili, na kosa likapita. Kuelewa kwa nini ndiko kuelewa uhakiki.

Muuguzi wa kwanza alifanya jambo zuri: alikokotoa mwenyewe badala ya kunakili. Lau lebo isingekuwa na 28.8, angepata 28.8, akaangalia lebo, akaona 1.2, akashtuka. Kutolingana ndiko kungemwokoa. Lakini alikutana na namba ileile aliyoipata, na akili ya binadamu ikikuta namba yake imeandikwa kwenye karatasi rasmi kutoka famasi, inatulia. Haitafuti tena. Lebo ililithibitisha kosa lake kwa uaminifu wote.

Kwa muuguzi wa pili kuna swali ambalo kila timu ijiulize kuhusu ukaguzi wake yenyewe: mkaguzi anajua nini kabla hajaanza? Akiletewa pampu yenye 28.8 tayari kwenye kioo, pamoja na lebo yenye 28.8, akaulizwa "ni sawa?", kazi aliyopewa ni kulinganisha. Atalinganisha, na zitalingana. Mkaguzi huru ni yule anayepewa agizo la daktari na mfuko tu, akae pembeni, atoe namba yake bila kuiona ya mwenzake, ndipo namba mbili ziwekwe mezani. Hata hivyo, watu wawili wanaotumia njia moja wanaweza kusahau hatua ileile. Uhakiki wenye nguvu hupita njia nyingine.

Katika kisa hiki njia nyingine ipo, nayo ni fupi kuliko ya kwanza: mfuko huu utaisha lini? Mililita 115 hivi kwa mwendo wa 28.8 ni saa nne. Hata bila kikokotoo, mtu anaona kuwa 30 mara 4 ni 120. Dawa ya siku nne haiwezi kuisha kabla mgonjwa hajafika nyumbani akavua viatu. Swali la "itaisha lini" halihitaji kujua dozi, nguvu ya dawa wala eneo la mwili wa mgonjwa, na linakamata karibu kila kosa la kuchanganya saa na siku. Laiti lingekuwa limechapwa kwenye lebo, kwamba dawa iliyoanza Jumatatu itaisha Ijumaa, hata mgonjwa mwenyewe angekuwa mkaguzi.

Hapa kuna jambo la kwetu ambalo halimo katika ripoti ya Kanada wala lisingekuwemo. Katika Kiswahili neno "saa" hubeba mizigo miwili. "Saa 4" ni muda wa saa nne, na pia ni kipindi cha siku ambacho kompyuta itakiandika 10:00 au 22:00. Lebo inayosema "dripu iishe saa 4" inasomeka kwa namna tatu. Tukichapa muda wa dripu, tuandike "kwa muda wa saa 96", na tukichapa wakati wa kumaliza tuandike siku, sehemu ya siku na saa ya kompyuta pamoja: "Ijumaa asubuhi, 10:00". Inaonekana kama kupiga porojo hadi siku mtu atakapoisoma visivyo.

Pampu, na itifaki

Pampu ya kubebeka ya aina ile haijui imebeba nini. Mwendo wa mililita 28.8 kwa saa ni wa kawaida kabisa kwa dawa nyingine, hivyo mashine haikuwa na sababu ya kukataa. Haikuwa na orodha ya dawa ndani yake wala kikomo cha juu cha fluorourasili. Kwa nini ya pampu inaishia kwenye ununuzi: hospitali ilikuwa inatumia pampu inayoweza kufanya kila kitu kwa kazi inayohitaji kitu kimoja tu. Vifaa vya namna nyingine vilikuwepo, kama vile vipira vya mpira unaonyumbuka vinavyojikunyata na kusukuma dawa kwa mwendo mmoja uliopangwa kiwandani. Kipira hakiprogramiwi, kwa hiyo hakiprogramiwi vibaya. Kina udhaifu wake. Joto na unene wa dawa hubadilisha mwendo kidogo. Lakini hakiwezi kwenda mara 24.

Kuhusu dawa yenyewe, fluorourasili ina sura nyingi. Kuna itifaki zinazoichoma kwa dakika chache, nyingine zinaiingiza kwa saa 46, nyingine kwa siku nne au zaidi. Katika wodi yenye itifaki zote hizo, kuona fluorourasili inakwenda kwa kasi si jambo la kumtia mtu wasiwasi. Hicho ni kijiba kidogo, ila kinaeleza kwa nini hakuna aliyepita pale akakunja uso.

Mwiba wa baada ya kosa

Samaki wengi wanaochorwa huishia pale kosa lilipotokea. Tumeongeza mwiba huu karibu na kichwa kwa sababu mgonjwa hakufariki siku ile. Zilipita siku 22. Kosa lilijulikana mapema, mfuko ulipoonekana mtupu. Mwaka 2006 hapakuwa na dawa ya kuzuia sumu ya fluorourasili iliyoidhinishwa. Leo ipo: uridini triasetati, iliyoidhinishwa nchini Marekani Desemba 2015, na inapaswa kuanza ndani ya saa 96 baada ya fluorourasili kumalizika. Kwa famasi, mwiba huu unageuka kuwa maswali ya leo asubuhi. Kwa kila dawa hatari tunayotoa, akizidishiwa mgonjwa, tunampigia nani? Dawa ya kuzuia iko kabati gani, au iko mji gani, na inachukua muda gani kufika? Saa ya kwanza ya kuitafuta isiwe saa ya kwanza ya kujiuliza.

Kuchuja miiba

Samaki akikamilika anatia moyo vibaya. Ubao umejaa, kila mtu ameona hoja yake imeandikwa, na timu inahisi imemaliza. Mchoro huu haupimi uzito. Mwiba wenye vijiba kumi si lazima uwe na kosa kubwa kuliko wenye kimoja. Huenda tu aliyeusimamia ni msemaji.

Tulifanya mambo mawili kabla ya kukubali kitu kuwa chanzo. La kwanza, pembeni ya kila kijiba tuliandika ushahidi wake: Y kwa kinachoonekana kwenye karatasi au kifaa, M kwa kilichosemwa na shahidi mmoja, na alama ya kuuliza kwa tunachokisia. Maandishi ya lebo yalipata Y. Kijiba cha "uchovu", ambacho mmoja wetu alikiandika kwa haraka, kilipata alama ya kuuliza na kikafutwa, kwa kuwa hatukuwa na chochote cha kukishika. Uchovu, haraka na uzembe ni wageni wanaokuja kwenye kila samaki bila kualikwa.

La pili, tuliuliza: tukiking'oa kijiba hiki na kuacha vingine vyote vilivyo, mwendo wa 28.8 ungefika kwa mgonjwa? Ng'oa 28.8 kwenye lebo: muuguzi anapata 28.8, anaona 1.2, anasimama. Kuna uwezekano mkubwa kosa linakufa hapo. Weka kipira badala ya pampu: kosa halizaliwi. Weka uhakiki wa "itaisha lini": kosa linazaliwa lakini lina nafasi kubwa ya kunaswa. Sasa ng'oa wingi wa itifaki: kosa linaendelea kama kawaida. Huo ulikuwa mchango, haukuwa chanzo. Na ukimwondoa muuguzi yule ukamweka mwingine mwenye uangalifu uleule, mbele ya lebo ileile na pampu ileile? Hakuna kilichobadilika isipokuwa jina kwenye ripoti.

Swali hilo la kung'oa lina kasoro: tunalijibu tukiwa tunajua mwisho wa hadithi. Kwetu 28.8 sasa inang'aa kama taa. Siku ile ilikuwa namba moja kati ya nyingi. Ndiyo maana jibu la ubaoni linahitaji kujaribiwa kwa watu wasioijua hadithi.

Hatua, kwa uzito wake

Kwenye ripoti nyingi za makosa ya dawa, safu ya hatua husema: watumishi wakumbushwe kuwa makini, mafunzo yafanyike. Hatua hizo si haramu, ila zinategemea kumbukumbu ya mtu yuleyule ambaye kumbukumbu yake imeshindwa mara moja, na nguvu zake huisha baada ya wiki chache. Juu yake kuna taratibu na orodha za kukagua. Juu zaidi kuna kusanifisha na kupunguza uchaguzi. Kileleni ni kitu kinachofanya kosa lisiwezekane, kama kipira kisichoprogramiwa.

Famasi haiwezi kununua vipira wiki hii. Lebo inaweza kuibadilisha leo jioni. Toleo letu la lebo ya dripu inayokwenda kwenye pampu lina mwendo mmoja tu, kwa saa, kwa herufi kubwa, kwenye mstari wake peke yake, bila mabano:

```
MWENDO WA PAMPU: 1.2 mL kwa saa
Muda wote: saa 96 (siku 4)
Itaisha: Ijumaa asubuhi, 10:00
```

Hatua za hesabu hazijatupwa. Zimehamia kwenye karatasi ya kutengenezea inayobaki famasi, anakoihitaji mkaguzi wetu. Mabano ya "siku 4" tuliyaacha baada ya ubishi mrefu. Hoja iliyoshinda ni kwamba 4 haifanani na kitu chochote kinachobonyezwa pale, na anayeiona atauliza mara moja kwa nini pampu inasema vinginevyo. Bado simo miongoni mwa walioridhika. Ningeandika saa 96 peke yake.

Kabla ya kuitumia, tuijaribu. Wape lebo watu watano wasiohusika, mmoja mmoja, pamoja na pampu iliyojaa maji, useme tu: "Iwashe." Usiwaeleze unachopima. Angalia kidole kinakwenda kwenye namba ipi kwanza, na kinasita wapi. Mtu mmoja kati ya watano akibonyeza namba isiyo yake, lebo irudi mezani, bila kumwuliza huyo mtu ana uzoefu wa miaka mingapi.

Mwiba uleule dirishani

Anayetoa dawa dirishani anaweza kusema kemotherapia ni mambo ya hospitali za rufaa. Basi achukue chupa ya sirapu ya parasetamoli yenye miligramu 250 kwa kila mililita 5, ampe mama mwenye mtoto wa kilo 10. Dozi ya miligramu 125 ni mililita 2.5. Sasa asome kilichoko mkononi mwa mama: kwenye chupa kuna 250 na 5, kwenye karatasi ya daktari kuna 125, na kwenye lebo yetu, kwa kalamu, "125 mg (2.5 mL)". Namba nne, zote za kweli. Mama anahitaji moja, nayo tumeiweka kwenye mabano. Nyumbani ana kijiko cha mililita 5, na 5 imechapwa kwa rangi nzuri kwenye chupa. Mtoto atapata mara mbili ya dozi yake kwa kufuata maandishi.

Tofauti na Edmonton ni kwamba parasetamoli husamehe mara moja au mbili, kwa hiyo kosa halirudi dirishani na hakuna samaki anayechorwa. Ukitaka kuliona, mwombe mama akuonyeshe, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kiasi atakachompa mtoto usiku. Usimwulize kama ameelewa, atasema ameelewa. Tazama bomba limesimama kwenye mstari upi. Likisimama kwenye 5, chukua lebo yako uisome upya, kwa jicho la mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.